Mswada wa Video ya Chapati: Vipimo, Muda na Picha za Karibu

Mswada wa video ya kufundisha kupika ni karatasi inayomwambia mpishi afanye nini na aseme nini, mpiga picha asimame wapi, na mhariri aweke maandishi gani kwenye skrini na ayaache kwa muda gani. Kwa kawaida hugawanywa safu nne: picha, sauti, maandishi ya skrini na muda. Anayenufaika nao hauoni kamwe. Ni mtazamaji aliyeegemeza simu kwenye chupa ya mafuta, mikono imejaa unga, asiyeweza kugusa kioo ili arudishe nyuma. Kila uamuzi ndani ya mswada hupimwa kwa hali ya mtu huyo.

Chapati za kusukuma zinafaa sana kuonyesha kazi hii. Viungo vyake ni vinne tu, unga, maji, chumvi na mafuta, na vinapatikana katika kila duka. Hata hivyo, wengi wanaozijaribu kwa mara ya kwanza huishia na chapati ngumu, zisizochambuka. Kasoro haitoki kwenye viungo. Inatoka kwenye mambo yanayojulikana kwa kuguswa na kutazamwa: unga uliokandwa uwe laini kiasi gani, mafuta ya ndani yapakwe mpaka wapi, kikaango kiwe na moto gani, chapati igeuzwe lini. Hayo ndiyo ambayo kitabu cha mapishi hushindwa kuyafikisha na kamera inaweza. Mfano unaofuatwa hapa ni video ya dakika saba ya kupika chapati nane.

Kazi ya kuandika huanza jikoni. Chapati hupikwa mara moja nzima kabla ya neno lolote kuandikwa, na pembeni ya mpishi hukaa mtu mwenye mizani, saa na daftari. Mpishi mzoefu hapimi; hutia unga kwa macho na maji kwa mkono, na akiulizwa ametia kiasi gani hujibu kuwa ni kiasi cha kutosha. Mwenye daftari hamzuii. Hupima bakuli la unga kabla ya kuanza na tena baada ya mpishi kuchota, hupima jagi la maji lilivyokuwa na lilivyobaki, na huandika saa ya kuanza na kumaliza kila hatua. Huandika pia kila tendo ambalo mpishi analifanya bila kulitaja, kama vile kupunguza moto kidogo baada ya chapati ya tatu au kufunika madonge kwa kitambaa kibichi. Matendo hayo yasiyotajwa mara nyingi ndiyo yanayotofautisha chapati ya mpishi huyo na ya mwanafunzi wake.

Kutoka kwenye daftari hilo hupatikana orodha ya viungo itakayoonekana kwenye skrini:

CHAPATI 8
Unga wa ngano: gramu 500 (vikombe 4)
Chumvi: kijiko 1 cha chai
Mafuta ya kukandia: vijiko 3 vya chakula
Maji ya uvuguvugu: kama mililita 300 (kikombe 1 na robo)
Mafuta au samli ya kupaka ndani: vijiko 4 vya chakula
Mafuta ya kuchomea: kijiko 1 cha chai kwa kila upande
Unga wa kunyunyizia: nusu kikombe

Mafuta yametajwa mara tatu kwa makusudi. Yakijumlishwa pamoja kwenye mstari mmoja, mtazamaji anayepima kila kitu kabla ya kuanza atayamimina yote kwenye unga, na chapati zitakuwa za kumeng'enyeka badala ya kuvutika. Mstari wa orodha hufuata matumizi, na mpangilio wa mistari hufuata zamu ya kila kitu kuingia bakulini au kikaangoni.

Gramu na vikombe huandikwa pamoja kwa sababu kikombe peke yake hakiaminiki. Kikombe cha kupimia cha mililita 250 kikijazwa unga kwa kijiko, bila kushindiliwa, hubeba karibu gramu 125. Kikichotewa moja kwa moja kwenye mfuko na kushindiliwa, hubeba gramu 150 au zaidi. Kwa vikombe vinne tofauti hiyo inafika gramu 100, na maji yakiwa yale yale unga unakuwa mkavu, haukandiki na hausukumiki vizuri. Kwa hiyo, palipo na mtazamaji asiye na mizani, na wengi hawana, mswada lazima uwe na picha ya sekunde tano ya kikombe kinachojazwa kwa kijiko na kusawazishwa juu kwa mgongo wa kisu. Picha hiyo inafanya kazi ambayo mabano ya orodha hayawezi kuifanya.

Maji yameandikiwa "kama" kwa sababu nyingine. Unga wa aina mbalimbali hunywa maji kwa viwango tofauti, na unga uliokaa mahali penye unyevunyevu huhitaji maji kidogo kuliko uliokaa mahali pakavu. Msimulizi husema robo ya maji ibakizwe na iongezwe kidogo kidogo. Ishara ya kuacha kuongeza haiwezi kuwa namba. Itakuwa picha, na tutaifikia.

Orodha nzima hukaa kwenye skrini kwa muda unaotosha kuisoma kwa sauti mara mbili bila haraka. Mwandishi wa mswada huisoma mwenyewe akiwa na saa mkononi. Mistari saba kama hii huhitaji karibu sekunde 20 au zaidi. Muda huo huonekana mrefu kwa mhariri anayeogopa watazamaji kuondoka, na ndipo orodha nyingi hukatwa hadi sekunde tano. Njia nzuri ya kupatanisha mambo hayo ni kuonyesha viungo vyenyewe mezani, kila kimoja kikiingia pamoja na mstari wake, ili jicho liwe na cha kutazama wakati mkono unaandika. Baadaye, kila kiungo kinapotumiwa, kipimo chake hurudi peke yake kwa herufi kubwa. Kwenye video ya wima ya simu, maandishi huwekwa katikati au juu, kwa sababu sehemu ya chini na ukingo wa kulia mara nyingi hufunikwa na vitufe na maelezo ya programu yenyewe.

Baada ya orodha hufuata suala la muda, na hapa ndipo miswada mingi huharibika. Video ina saa yake na jiko lina saa yake. Kwa chapati nane, saa ya jikoni inakwenda hivi: kupima dakika 5, kukanda dakika 10, kupumzisha unga dakika 30, kusukuma na kukunja madonge dakika 15, kuyapumzisha dakika 15, kisha kusukuma tena na kuchoma dakika 25. Jumla ni saa 1 na dakika 40. Yote hayo yanaingia kwenye dakika saba za video, lakini kila hatua hubanwa kwa kiasi chake. Kukanda kwa dakika 10 kunapewa sekunde 50. Kupumzika kwa nusu saa kunapewa sekunde 15. Kukunja donge moja, kazi isiyozidi dakika mbili, kunapewa sekunde 45, zaidi ya theluthi ya muda wake halisi, kwa kuwa mkono wa mtazamaji unajifunza hapo.

Mtazamaji asipoambiwa waziwazi ni saa ipi inasomwa, huamini anachokiona. Akiona mpishi anakanda kwa sekunde 50, naye atakanda kwa dakika moja au mbili na kushangaa mbona unga wake una mabonge. Kwa sababu hiyo mswada huwa na safu maalumu ya saa ya jikoni, na namba yake hutokea mahali pamoja siku zote, kwa mfano pembe ya juu kushoto, kwa maneno kamili: "Kanda dakika 10". Namba tupu kama "10" haieleweki, na kifupi kinaweza kusomwa vibaya. Jumla ya saa 1 na dakika 40 huonyeshwa mwanzoni kabisa, kabla ya orodha, ili anayetaka chapati za chakula cha jioni ajue aanze saa ngapi. Kuificha ni kumdanganya.

Jambo la kufahamu ni kwamba hatua ya mwisho ina kazi mbili zinazokwenda sambamba. Wakati chapati moja iko motoni, nyingine inasukumwa. Mswada ukionyesha kusukuma kwanza na kuchoma baadaye, kama hatua mbili zilizotengana, mtazamaji atasukuma zote nane na kuzipanga juu ya meza, ambako zitakauka pembezoni au kugandana. Basi mwandishi huweka picha pana moja yenye kibao na jiko kwa pamoja, na msimulizi husema kwamba mwanzoni mtu asiye na uzoefu asukume mbili kabla ya kuwasha jiko, kisha aendelee moja moja.

Picha za karibu huchaguliwa baada ya muda kupangwa, kwa sababu kila moja hufungamana na dakika fulani. Kanuni inayofaa ni kwamba picha ya karibu ionyeshe ishara, yaani kile kinachomjulisha mpishi kuwa hatua imekwisha, hata kama saa inasema vingine. Kipande cha video chenye picha nyingi za karibu za kijiko, chumvi na mvuke huwa kinapendeza na hakifundishi. Kwa chapati, ishara zinazohitaji kamera ya karibu ni tano, na tatu kati yake zinastahili maelezo marefu.

Ya kwanza ni ile ya maji. Unga ukiwa tayari kukandwa huachana na kuta za bakuli lakini bado unashikamana kidogo na vidole. Wengi huogopa kunata huko na kuongeza unga mkavu, na hicho ni chanzo kikubwa cha chapati ngumu. Picha huonyesha kidole kinagusa unga, unga unavutika kidogo kisha unakiachia. Huchukua sekunde nne, na msimulizi hunyamaza kwa muda huo.

Ya pili ni ya kupumzisha. Protini za ngano zikilowa maji na kukandwa hufanya glutini, nyuzi zinazovutika ambazo huwa zimekaza sana mara baada ya kukanda. Unga uliokaza hivyo ukisukumwa hurudi nyuma na chapati hubaki nene. Nusu saa ya kupumzika huzilegeza nyuzi hizo. Hii haionekani kwa macho unga ukiwa umetulia tu bakulini, kwa hiyo picha moja ya unga "uliopumzika" haifai kitu. Kinachofaa ni picha mbili zilizowekwa kwa kufuatana: kidole kinabonyeza unga uliokandwa sasa hivi na shimo linajaa mara moja, kidole kinabonyeza unga wa nusu saa baadaye na shimo linabaki, likijaa polepole. Sekunde 15 za kupumzika zinatumika zote kwa picha hizo mbili.

Ya tatu ni ya kukunja, ambako tabaka huzaliwa. Sehemu hiyo ya mswada huandikwa hivi:

DAKIKA 3:05 HADI 3:50
PICHA: Karibu sana, kutoka juu ya bega la kulia la mpishi. Donge limesukumwa kuwa duara la upana wa kama sentimita 20. Vidole vinapaka mafuta mpaka ukingoni. Bila kukata picha, duara linakunjwa kuwa ukanda mwembamba, linavutwa kidogo, linazungushwa, na ncha inaingizwa chini.
SAUTI: "Paka mafuta yafike mpaka ukingoni. Kunja kuanzia huku uliko, uelekee mbele, upate ukanda. Uvute kidogo. Sasa zungusha kama konokono, na ncha ya mwisho uifiche chini."
MAANDISHI: Mafuta: nusu kijiko cha chakula kwa kila donge
SAA YA JIKONI: Kama dakika 2 kwa donge moja

Maneno "bila kukata picha" ni ya lazima. Mbinu inayofanywa kwa mikono miwili hufahamika kwa mwendo wake, na mhariri akikata katikati mtazamaji hupoteza namna ukanda ulivyohama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Kamera huwekwa upande wa mpishi, juu ya bega, ili mikono ya skrini ielekee kama ya mtazamaji mwenyewe. Ikiwekwa mbele ya mpishi, kushoto huwa kulia, na anayejifunza hulazimika kuigeuza picha kichwani huku akifanya kazi. Taa au dirisha liwe upande wa pili wa mkono unaofanya kazi, ama sivyo kivuli cha mkono kitafunika kile kinachoonyeshwa.

Msimulizi hueleza kwa sentensi mbili kwa nini mafuta yafike ukingoni. Utando wa mafuta huzuia kunjo moja isigandane na nyingine. Chapati inapochomwa, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kuzitenganisha kunjo hizo. Mahali pasipo na mafuta unga hushikana, na hapo chapati haitachambuka. Mtu akijua hilo, hata akikunja kwa mtindo wa nyumbani kwao, anajua cha kulinda.

Ishara mbili zilizobaki ni za motoni. Chapati ikiwekwa kwenye kikaango kikavu kilichopata moto wa wastani kuelekea mkali, uso wake wa juu hubadilika rangi na malengelenge madogo hujitokeza, kwa kawaida ndani ya nusu dakika hadi sekunde 40. Hapo hugeuzwa, na mafuta hayajatiwa bado. Hutiwa baada ya upande wa pili kushika. Malengelenge yakichelewa kupita dakika moja, moto ni mdogo, na chapati inakauka badala ya kuiva. Madoa meusi yakitokea kabla ya malengelenge, moto umezidi, na ndani patabaki pabichi. Kwenye jiko la mkaa moto haugeuzwi kwa kitufe, kwa hiyo msimulizi hutaja kuinua kikaango kwa muda au kutoa mkaa kidogo. Picha ya mwisho ya karibu ni ya chapati iliyoiva ikikusanywa kwa viganja viwili na kuchambuliwa, tabaka zikifunguka. Iwekwe mara mbili: sekunde chache mwanzoni, ili mtu ajue anachokitafuta, na tena baada ya kuchoma, ili alinganishe na yake.

Siku ya kurekodi ratiba hugeuzwa kabisa. Hakuna sababu ya watu wa kamera kukaa nusu saa wakingoja unga upumzike. Mswada mzuri hutaja ni madonge mangapi yawe tayari kabla ya kuanza: unga mmoja mkavu wa kuchanganywa mbele ya kamera, wa pili uliokwisha kupumzika, na wa tatu uliokunjwa na kuwa tayari kusukumwa. Mbinu hii ni ya zamani katika televisheni. Kipindi cha Julia Child, The French Chef, kilichoanza mwaka 1963 katika kituo cha WGBH cha Boston, kilirekodiwa karibu bila kusimamishwa, kwa hiyo chakula kile kile kiliandaliwa mapema katika hatua mbalimbali na kuwekwa karibu na mpishi. Tahadhari ni moja: unga wa pili upimwe na kukandwa sawasawa na wa kwanza. Ukiwa laini zaidi, ishara ya kidole itamdanganya mtazamaji.

Unga mweupe nao una taabu yake mbele ya kamera. Mwanga ukizidi, huwa doa jeupe lisilo na umbo, na mikunjo haionekani. Kibao cha mbao ya rangi nzito na mwanga unaotoka pembeni hurudisha umbo hilo. Mafuta hung'aa vibaya taa ikiwa juu moja kwa moja. Lenzi iliyosogezwa karibu na kikaango hupata ukungu wa mvuke, na mpiga picha hupaswa kuifuta kabla ya kila chapati; yafaa chapati mbili za kwanza zisitegemewe kwa picha, kwani pia kikaango huwa bado hakijatulia. Kwa kuwa umeme wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, baadhi ya taa humetameta kwenye video kamera inapowekwa fremu 30 kwa sekunde. Kuiweka fremu 25, na kasi ya shata 1/50, kwa kawaida huondoa tatizo hilo.

Video ikishahaririwa mara ya kwanza hupewa mtu asiyejua kupika chapati, apike mbele ya mwandishi, bila kusaidiwa. Mwandishi haulizi kama video inapendeza. Huandika kila mahali mtu huyo aliposimamisha video, aliporudisha nyuma na alipotazama skrini akasita. Akisita kwenye maji, picha ya kidole ni fupi mno au imefunikwa na maandishi. Akirudisha nyuma kwenye kukunja, mwendo ni wa haraka au pembe ya kamera imegeuza mikono. Chapati zake zikitoka ngumu, huangaliwa kwa mpangilio: je, aliongeza unga wakati wa kukanda, je, alipumzisha dakika zote, je, moto ulikuwa mdogo. Kila jibu linaelekeza kwenye mstari mmoja wa mswada unaotakiwa kurekebishwa, na mara nyingi rekebisho ni kuongeza sekunde tatu au kuhamisha maandishi upande mwingine wa skrini.

Sehemu ya mwisho ya mswada, kuanzia dakika 6:30 hadi 7:00, huonyesha kinachofanyika baada ya kikaango. Chapati zinapangwa moja juu ya nyingine ndani ya hotipoti iliyotandikwa kitambaa safi na kufunikwa. Mvuke wake huzilainisha, na kitambaa hunyonya unaozidi ili ya chini isilowe. Kisha orodha nzima ya viungo hurudi kwenye skrini pamoja na saa ya jikoni ya kila hatua, na hukaa hapo kwa sekunde 15, kwa ajili ya yule atakayesimamisha video na kuinakili kabla ya kwenda dukani.